Barua ya benki si tangazo la msiba

Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Newala kaniletea barua aliyochapiwa steshenari, niipitie kabla hajaipeleka benki. Ukurasa mzima! Heshima na taadhima, unyenyekevu mkubwa, mume anaumwa, ada za watoto, Mwenyezi Mungu atawazidishia. Anadaiwa kiasi gani? Haimo. Anaomba nini hasa? "Mnifikirie." Sasa afisa mikopo akishakufikiria, dada yangu, aandike nini kwenye fomu yake?

Nilikasirika, ila si kwa sababu yake. Huyu mama ana hoja nzito kuliko machozi yote yale, na hoja yenyewe iko kwenye daftari lake la mauzo. Tukalifungua.

Deni lililobaki ni shilingi 7,200,000, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 12 imebaki. Rejesho lake ni kama 660,000 kila mwezi. Kila mwezi, tena sawasawa, kana kwamba Newala watu wanalipwa mishahara! Hapa fedha inaingia minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba, mkulima akishalipwa kupitia AMCOS, chama chake cha ushirika. Kuanzia Novemba mpaka Februari mtu ananunua bati, anamalizia lenta, analipa na alichokopa. Ikifika Aprili daftari linaonyesha misumari na rangi ya kopo dogo. Juni na Julai hata hiyo shilingi iliyobaki inakwenda kwenye salfa ya mikorosho. Katika miezi hiyo, akitoa pango na msaidizi, anabaki na kama 250,000. Hiyo 660,000 ataitoa wapi? Ataitoa kwenye mtaji, na msimu ukifika rafu ziko tupu. Benki inakula mbegu halafu inauliza mavuno.

Basi tukaandika upya. Kichwa: YAH: OMBI LA KUPANGIWA UPYA MAREJESHO YA MKOPO. Aya ya kwanza ni namba ya mkopo, salio, na kwamba mpaka Machi hajachelewesha rejesho hata moja, ila la Aprili hataliweza. Aya ya pili ni mauzo ya daftari, mwezi kwa mwezi, nakala zimeambatishwa. Ya tatu ndiyo ombi: Aprili hadi Oktoba, miezi saba, alipe riba tu, 108,000 kwa mwezi. Novemba hadi Februari alipe 1,800,000 ya deni la msingi kila mwezi pamoja na riba ya salio, inayoshuka kutoka 108,000 hadi 27,000. Mkopo unaisha Februari, mwezi mmoja kabla ya ule wa mkataba. Riba yote inakuwa 1,026,000, wakati kwa utaratibu wa sasa ingekuwa kama 720,000. Yaani nafuu hii anainunua kwa laki tatu na kitu. Tukaliandika hilo waziwazi, ili benki ijue kwamba anajua.

Ubishi ulikuja kwenye aya ya sababu. Sehemu ya mkopo, milioni moja na nusu, ilikwenda kuezeka nyumba. "Hilo tusiliandike, kaka." Tukaliandika. Afisa atakuja dukani, atahesabu mali, ataona pengo. Asipolikuta kwenye barua atajiuliza na mengine yaliyofichwa. Mali aliyowakopesha wakulima nayo tukaitaja, jumla yake na wangapi wanadaiwa. Ugonjwa wa mume ukapata sentensi moja, kwa kuwa dawa zinakula faida na ni kweli.

Haya, niwatendee haki benki kidogo. Fedha ni za watu walioweka akiba, na korosho inaweza kuangusha: mvua ikija wakati wa maua au bei ikishuka mnadani, hiyo 1,800,000 inakuwa ndoto. Ndiyo maana tuliongeza kwamba mauzo ya Novemba yakiwa chini ya ya msimu uliopita, atafika benki mwezi huohuo. Dhamana inabaki ileile, na mumewe yuko tayari kusaini upya. Lakini hao wenye benki walipomkopesha, matawi yao si yako huku huku? Hawaoni foleni zao wenyewe mwezi wa kumi na moja?

Wapo wanaosubiri kwanza wapigiwe simu. Rejesho likipitisha siku 90 mkopo unaitwa chechefu, na hapo meneja wa tawi hana tena uhuru aliokuwa nao wiki ya kwanza. Jirani yangu kaipeleka barua wiki moja kabla ya rejesho la Aprili, nakala mbili. Dada wa mapokezi akataka kuzichukua zote. Nilimwambia asiondoke bila ya kwake, yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa, na akasimama pale dirishani mpaka ikagongwa.

Afisa kampigia. Anataka miezi ile saba alipe 200,000 badala ya 108,000. Nimemwambia akubali: 250,000 inaibeba, kwa kubana, na deni la msingi litakuwa limepungua msimu ukifika.