Kupakia Video Kubwa YouTube: Vipande Vingi au Mkupuo Mmoja?

"Nina video ya gigabaiti moja na nusu ninayotaka kuipakia YouTube kwa kutumia API, na mtandao wangu hukatikakatika. Niikate vipande, au niitume yote kwa mkupuo?"

Wengi hujibu haraka kwamba ikatwe, kwa kudhani kuwa vipande ndivyo vinavyookoa kazi mtandao unapokatika. Kinachookoa hasa ni kikao. Programu huanza kwa kutuma ombi la `POST` lenye `uploadType=resumable` pamoja na maelezo ya video, na seva hujibu kwa kuipa anwani ya kikao ndani ya kichwa cha `Location`. Baiti zote hutumwa kwenye anwani hiyo kwa `PUT`, na seva huweka kumbukumbu ya zilizoifikia, ziwe zimekuja kwa vipande au kwa ombi moja refu. Mtandao ukirudi, programu hutuma ombi tupu la kuuliza:

```
PUT <anwani ya kikao>
Content-Length: 0
Content-Range: bytes */1500000000
```

Seva hujibu, kwa mfano:

```
308 Resume Incomplete
Range: bytes=0-754974719
```

Maana yake ni kwamba baiti 754,974,720 zimeshapokelewa, na kwa kuwa hesabu huanzia sifuri, baiti inayofuata ni ile ya 754974720. Nusu ya kazi imesalimika, na hapa hatujauliza kama faili lilikatwa au la.

Kwa hiyo hoja ya wanaopendelea ombi moja ina uzito. Kila kipande ni ombi linalojitegemea, na programu hungoja jibu kabla ya kutuma kinachofuata. Tuseme kungoja huko huchukua sekunde 0.3, na kasi ya kupakia ni kilobaiti 500 kwa sekunde, hivyo faili zima linahitaji kama dakika 50. YouTube hutaka kila kipande kiwe kigawe cha baiti 262144, isipokuwa cha mwisho. Ukichagua kipimo hicho cha chini kabisa utapata vipande 5,723, na kungoja peke yake kutakula karibu dakika 29. Ukichagua vipande vya baiti 8388608, yaani megabaiti 8, vitakuwa 179 tu, na kungoja hakutafika dakika moja. Lawama inayotupiwa vipande, kwa maoni yangu, kwa sehemu kubwa ni lawama ya vipande vidogo mno.

Upande wa pili nao una lake. Ombi moja linalodumu dakika 50 hupita katika vifaa vingi njiani, na baadhi yake hukata muunganisho unaokaa wazi muda mrefu hata kama mawimbi ni mazuri. Kipande cha megabaiti 8 kwa kasi ile huchukua kama sekunde 17, kisha seva hutoa jibu la wazi. Hata kikipotea chote kabla ya kupokelewa, anayelipia bando hurudia megabaiti 8 tu. Jibu hilo pia huipa programu hatua ya kuaminika ya kumwonyesha mtumiaji, kwa sababu baiti kutoka kwenye simu si sawa na baiti kupokelewa.

Tofauti hiyo iliwahi kuniponza. Niliandika programu iliyojihesabia yenyewe ilichotuma. Mtandao ulipokatika ikaamini imemaliza kipande cha 91, ilhali seva ilikuwa na 90, na ombi lililofuata likakataliwa. Dawa ilikuwa kuitupa hesabu yangu na kufuata `Range` ya seva peke yake. Jibu la 308 likija bila `Range`, hakuna kilichopokelewa, na kazi huanza kwenye baiti ya 0. Namba hiyo ya 308 ina mtego mwingine: katika HTTP ya kawaida humaanisha ukurasa umehamishwa kwa kudumu, kwa hiyo maktaba nyingine hutafuta anwani mpya, zisipoiona hutoa hitilafu, na mwandishi hudhani seva imeharibika.

Mimi ningetumia ombi moja kwenye kompyuta yenye waya imara, na vipande vya megabaiti 8 kwenye simu. Katika maktaba ya Google ya Python uamuzi huo ni tarakimu moja tu: `chunksize=-1`, ikiandamana na `resumable=True`, hutuma yote kwa ombi moja bila kupoteza uwezo wa kuendelea. Lakini njia zote mbili huanguka pamoja ikiwa anwani ya kikao imehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya programu peke yake, kwani simu ikizimika anwani hupotea, na baiti zilizoko kwenye seva hazifikiki tena. Iandikwe diski mara tu inapopokelewa, pamoja na ukubwa wa faili, ili isije ikaendelezwa video iliyohaririwa upya katikati. Ukiuliza na kujibiwa 404, kikao kimekwisha muda wake, na hapo ni kufungua kingine na kuanza mwanzo.