Kironi: Jeraha halikumfanya tabibu

Kironi ni gimba la angani ambalo wanajimu hulisoma kama alama ya jeraha la mtu na uwezo wake wa kuponya. Anayepinga usomaji huo huwa na hoja moja nzito: ukimwambia mtu kwamba jeraha lake la utotoni ndilo kipawa chake, unamfundisha kulipamba badala ya kulitibu, kisha unamtuma akahudumie wengine kabla hajapona. Hoja hiyo ina ukweli. Ila inapiga usomaji mwepesi uliozagaa, na kuuacha ule wa makini bila kuguswa.

Turudi kwenye kisa chenyewe cha Wayunani. Kironi alikuwa nusu mtu, nusu farasi, na tayari alikuwa mwalimu na bingwa wa tiba, aliyemlea Asklepio na Akile, siku alipochomwa kwa bahati mbaya na mshale wa Herakle uliopakwa sumu ya Hidra. Ujuzi ulitangulia, jeraha likafuata. Na jeraha lile halikupona. Kwa kuwa hakuwa wa kufa, aliishia kuutoa uhai wake wa milele. Hakuna mahali ambapo maumivu yalimpa shahada. Mnajimu anayemwambia mteja kwamba ameumia, kwa hiyo ni mponyaji, amekigeuza kisa kichwa chini miguu juu.

Makosa mengine yanatokana na njia ya Kironi angani. Gimba lililopewa jina lake liligunduliwa na Charles Kowal mwaka 1977. Hulizunguka jua kwa miaka 50 hivi, katika njia iliyorefuka sana: huingia ndani ya njia ya Zohali, kisha likatoka hadi karibu na ile ya Uranusi. Likiwa mbali na jua huenda polepole, likiwa karibu hukimbia. Ndiyo maana hukaa katika ishara ya Punda zaidi ya miaka saba, na katika Mizani mwaka mmoja na kitu tu. Fikiria maana yake. Karibu wote waliozaliwa kati ya 1969 na 1976 wana Kironi katika Punda. Ukimwambia mmoja wao kwamba jeraha lake ni la kutojiamini, umewaambia mamilioni.

Mwendo huo hugeuza umri pia. Wanajimu huangalia sana mraba wa kwanza, Kironi anapofika nyuzi 90 kutoka alipokuwa mtu alipozaliwa. Hapo, wanasema, jeraha huguswa kwa mara ya kwanza. Kwa aliyezaliwa katikati ya 1996 mraba huo ulifika akiwa na miaka sita hivi, umri wa kuanza shule. Kwa wa 1972 ulifika akiwa na 17 au 18. Mtoto wa miaka sita hana maneno ya kilichompata. Kijana wa 17 anayo, na mara nyingi ameshajifunza kukificha. Anayetoa maelezo yaleyale kwa wote wawili hajafungua hata jedwali la nyota.

Kinachomtenga mtu na rika lake ni nyumba, moja ya sehemu kumi na mbili za ramani ya nyota zinazogawa maisha, nayo hutegemea saa ya kuzaliwa. Chukua mtu wa 1972, Kironi katika Punda, na tali, yaani ishara iliyokuwa ikichomoza alipozaliwa, ikiwa Ndoo. Kwa mfumo wa ishara nzima, ambapo kila ishara ni nyumba moja kuanzia tali, Kironi anaangukia nyumba ya tatu: kauli, masomo ya mwanzo, ndugu. Tuseme alikuwa na kigugumizi, akachekwa darasani. Saa ikikosewa na tali ikawa Samaki, Punda inakuwa nyumba ya pili, na mazungumzo yanahamia kwenye mali. Kwa hiyo msomaji makini huuliza kwanza: je, ulipata shida katika kusema? Jibu likiwa hapana, hashikilii.

Mtu huyu ana nini cha kumpa mtoto mwenye kigugumizi? Anajua kwamba "tulia, vuta pumzi" hudhalilisha. Anajua kutomalizia mtoto neno, na kumtazama bila haraka hadi alimalize mwenyewe. Huo ni ujuzi mdogo, wa hakika, alioupata kwa kukaa upande ule. Tiba ya usemi bado ni lazima akaisomee.

Jaribio la Shawn Carlson lililochapwa katika jarida la Nature mwaka 1985 lilionyesha kwamba wanajimu hawakulinganisha ramani na tabia za watu vizuri kuliko mtu wa kubahatisha. Nalikubali. Kwa hiyo sidai Kironi husababisha lolote. Nadai kwamba swali la nyumba ya tatu humfikisha mtu kwenye jambo ambalo hajawahi kulitamka.

Hofu ya wapinzani inabaki kwenye jambo moja, na dalili yake huonekana waziwazi. Msaidizi ambaye hajapona husimulia yake mapema, kwa urefu, na mtoto anaondoka akiwa ndiye aliyembembeleza mtu mzima. Hapo namwambia aache kusaidia kwa muda, akatafute wa kumsikiliza yeye.