Bei ya fowadi si utabiri wa benki

Wafanyabiashara wengi wa Lamu ninaowafanyia mahesabu huagiza mali Dubai, na wengi wao wanaikataa fowadi, yaani mkataba wa kufunga leo bei ya dola utakazochukua baadaye, kwa sababu moja. Wanaona bei yake iko juu ya bei ya dola ya siku hiyo, basi wanaamua kwamba benki imekisia dola itapanda na sasa inataka kuwauzia kisio hilo. "Hawa wameshajua dola itapanda, mwanangu?" ndivyo alivyoniuliza mzee mmoja mwenye duka karibu na Usita wa Mui. Nikamwambia, "Ami, hawajui, na hawana haja ya kujua." Bei ya fowadi inatoka kwenye hesabu ya riba ambayo mtu anaweza kuipiga kwa simu yake akiwa dukani. Akishaipiga, anajua kipi hakiepukiki na kipi ni faida ya benki, na hapo ndipo anapoweza kubishana bei.

Fowadi yenyewe ni mkataba kati yako na benki. Leo mnaandikiana mambo matatu: kiasi cha dola, bei, na tarehe. Tarehe ikifika benki inakupa dola kwa bei ile ile, soko liwe limepanda au limeshuka, na wewe huna hiari ya kuzikataa. Siku ya kutia sahihi pesa hazibadilishwi. Ila benki itakutaka uwe na kikomo cha mkopo kilichoidhinishwa kwao, au uweke sehemu ya fedha kama dhamana, na itataka kuiona invoisi.

Tuchukue mwagizaji wa mashine za boti. Hapa kwetu upepo ndio unaopanga biashara. Kusi ikivuma bahari huchafuka, wavuvi wanasubiri, na anayetaka mashine mpya anaitaka iwe tayari kabla kaskazi haijaingia. Kwa hiyo mwagizaji anapakia mali katikati ya mwaka, na muuzaji wa Dubai anampa siku 90 za kulipa. Invoisi ni dola 40,000. Hata ingeandikwa kwa dirhamu mambo yangekuwa yale yale, maana dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, miaka mingi sasa.

Tuseme siku hiyo benki inauza dola kwa 130. Invoisi ni shilingi 5,200,000. Ushuru, gharama za bandari Mombasa, lori mpaka Mokowe na boti ya kuvushia mali kisiwani zinakula 400,000. Wenye boti wameshalipa arubuni na bei wamekubaliana, jumla ya mauzo 6,050,000. Faida iliyobaki ni 450,000. Sasa dola ikifika 140 siku ya kulipa, invoisi ile ile inakuwa 5,600,000 na faida inabaki 50,000. Mwagizaji hawezi kuwarudia wavuvi kuwaambia bei imebadilika, kwa sababu ameshapokea arubuni zao. Na shilingi kumi si nyingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kiasi cha 123, na kufikia Januari 2024 ilikuwa imefika kama 160.

Mwagizaji anapiga simu tawini. Tawi linauliza dawati la fedha za kigeni Nairobi, na jibu linarudi: 133.20 kwa miezi mitatu. Imetoka wapi?

Benki ikishakuahidi dola 40,000 za baada ya miezi mitatu, haikai kuombea soko. Inajilinda siku hiyo hiyo. Inanunua dola sasa na kuziweka zizae riba ya dola hadi tarehe yako. Tuchukulie riba ya dola ni asilimia 4 kwa mwaka, yaani 1 kwa miezi mitatu. Haihitaji kununua 40,000 kamili, kwa kuwa 39,604 zitakua zenyewe zifike 40,000. Kwa bei ya 130 inatoa kama shilingi 5,148,500. Lakini shilingi hizo zina gharama, kwani benki ingezikopesha pengine au kununua hati za serikali. Tuchukulie riba ya shilingi ni asilimia 12 kwa mwaka, yaani 3 kwa miezi mitatu. Mwisho wa safari shilingi zile zimeigharimu benki kama 5,303,000. Gawanya kwa 40,000 upate 132.57.

Kwa ufupi hesabu ni 130 × 1.03 ÷ 1.01. Hakuna mahali popote ndani yake ambapo mtu amefikiri dola itaelekea wapi. Dola ya baadaye ni ghali kuliko ya leo kwa sababu riba ya shilingi iko juu ya riba ya dola, basi. Ingekuwa kinyume, bei ya fowadi ingekuwa chini ya bei ya leo.

Kwa hiyo katika ile 133.20, shilingi 2.57 ni tofauti ya riba, na senti 63 ni faida ya benki. Kwa dola 40,000 senti 63 ni shilingi 25,200. Hicho ndicho cha kubishaniwa, na kinabishanika, hasa ukiwa na bei ya benki ya pili mkononi. Zile 2.57 usizigombanie sana, kila benki itakuja na kitu cha karibu nazo. Angalizo moja: anza hesabu yako na bei ambayo benki yako inauzia dola siku hiyo. Bei inayochapishwa na Benki Kuu ni wastani wa soko, na kuna wakati, kama mwanzoni mwa 2023 dola zilipoadimika, mwagizaji hakuwa anaipata kwenye kaunta yoyote.

Akifunga kwa 133.20 atalipa 5,328,000, na faida yake itakuwa 322,000. Amekubali kuachia 128,000 ili zile 322,000 zisiguswe na soko. Mimi naona ni biashara nzuri kwa mtu mwenye bei iliyokwisha kukubaliwa na wateja. Lakini kabla hajatia sahihi namuuliza swali ambalo benki hawamuulizi: zile shilingi milioni tano unazo sasa? Kama anazo na zimelala kwenye akaunti isiyozaa kitu, anunue dola leo kwa 130, aziweke kwenye akaunti ya dola, amalize. Fowadi inamfaa yule ambaye pesa yake bado iko kwenye mali, itakayorudi wavuvi wakimaliza kulipa.

Upande wa pili wa mkataba ndio unaoumiza watu, na ni lazima uelezwe wazi. Februari 2024 serikali iliuza Yurobondi mpya, yaani hati ya mkopo wa nje, ya dola bilioni 1.5 na kutumia sehemu kubwa ya fedha hizo kununua mapema sehemu kubwa ya ile ya zamani iliyotakiwa kulipwa Juni. Hofu sokoni kwamba deni hilo halitalipika ikapungua, shilingi ikapanda kwa kasi, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 131. Aliyefunga dola Januari kwa bei ya juu ya 160 akalazimika kuzichukua kwa bei hiyo wakati jirani yake ananunua kwa 131. Kwa dola 40,000 hiyo ni tofauti ya zaidi ya shilingi milioni moja.

Je, alipata hasara? Inategemea aliuzaje. Kama mali ilikuwa imeshaagizwa na wateja kwa bei iliyopigwa kwa dola ya 160, alipata faida aliyoipangia, hakupungukiwa. Kama mali ilikuwa inakuja kukaa dukani ingoje wateja, hali ni nyingine kabisa. Jirani anashusha bei, wateja wanahamia kwake, na gharama yako imefungwa juu. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwagizaji afunge kiasi kinacholingana na mali iliyokwisha kuuzwa au kulipiwa arubuni. Akiwa na maagizo ya nusu ya mashine, afunge dola 20,000. Ile nusu nyingine itafuata soko pamoja na bei ya duka lake.

Jambo la mwisho linaloharibu fowadi ni tarehe. Zile siku 90 zinahesabiwa tangu tarehe ya hati ya shehena, siyo tangu siku uliyoagiza. Meli ikichelewa kupakia kwa wiki tatu, siku ya kumlipa Mwarabu inasogea, ila mkataba wako na benki hausogei. Tarehe yake ikifika dola zitakuwa zako, huna invoisi ya kulipa, na pengine shilingi hazijarudi kutoka kwa wavuvi. Benki itakubali kuusogeza, lakini hufanya hivyo kwa kuufunga ule wa kwanza kwa bei ya soko ya siku hiyo na kufungua mwingine. Kama dola imeshuka chini ya bei yako, tofauti unadaiwa papo hapo. Kuna aina ya fowadi inayokupa kipindi cha, tuseme, wiki nne, uchukue dola siku yoyote ndani yake. Benki itakutoza bei ya siku ya mwisho ya kipindi hicho, kwa kuwa ndiyo ya juu zaidi. Kwa mali inayopita bandari mbili na kivuko, ninaona nyongeza hiyo inastahili kulipwa.

Wengi wa wateja wangu wananiuliza pia kuhusu dini, na wana haki. Kwa sheria ya Kiislamu kubadilishana fedha kunatakiwa kuwe mkono kwa mkono, na mkataba unaoahirisha pande zote mbili unagongana na sharti hilo. Benki za Kiislamu hutumia njia ya ahadi ya upande mmoja: mmoja anaahidi kununua au kuuza dola kwa bei fulani, na mauzo yenyewe yanafanyika siku ile ikifika. Bei yake kwa kawaida hukaribiana na ya fowadi, na wapo wanazuoni wasioridhika nayo. Hilo mtu aliulize kwa shehe wake kabla ya kuliuliza benki.

Kwa upande wa benki nina dai moja. Mteja wa Lamu akipewa namba moja tu kwenye simu, 133.20, hana namna ya kujua anakatwa nini. Apewe tatu kwa maandishi: bei ya leo 130.00, tofauti ya riba 2.57, faida ya benki 0.63. Dawati la Nairobi linazo zote kwenye skrini wakati linapojibu, na asiyetajiwa azidai kabla ya kusema ndiyo, maana akishasema ndiyo kwenye ile simu, bei imefungwa.