Upungufu wa kasha: aubebe keshia au ofisi?

“Kila tukijaza kasha la fedha ndogo tunakuta pungufu kidogo. Nimkate keshia, au niandike gharama tu?”

Kabla ya kumkata mtu, hesabu kwanza, kwa sababu mara nyingi sehemu ya upungufu huo si fedha iliyopotea. Tuseme masurufu ya kudumu, yaani kiasi ambacho kasha hurudishiwa kila linapojazwa, ni 200,000. Kasha limefunguliwa, noti na sarafu zimehesabiwa mbele ya keshia mwenyewe, zimetoka 22,300. Vocha za kipindi hicho zinajumlisha 173,500: usafiri 68,000, vifaa vya ofisi 54,500, usafi 31,000 na posta 20,000. Vocha na taslimu kwa pamoja ni 195,800. Zimepungua 4,200.

Hapo ndipo wengi huanza kumtazama keshia kwa jicho baya. Mimi huanza na risiti. Kila vocha niliyopewa nailinganisha na risiti iliyobanwa nyuma yake, na katika mfano huu vocha moja ya usafi imeandikwa 14,700 ilhali risiti inasema 17,400. Tarakimu zimepindana tu. Vocha inasahihishwa na kutiwa saini upya, usafi unapanda hadi 33,700, jumla ya vocha inakuwa 176,200. Kilichobaki bila maelezo ni 1,500.

Wanaotaka keshia alipe hiyo 1,500 wana hoja. Masurufu yamewekwa chini ya mtu mmoja, mwenye ufunguo mmoja, ili pakitokea pengo ajulikane wa kuulizwa. Ofisi ikizoea kulimeza kila mwezi, 1,500 inageuka posho isiyo na jina, na hakuna atakayejisumbua kuhesabu chenji mbele ya mlipwaji.

Lakini tazama keshia anayekatwa kila senti atafanya nini. Akiona pengo, hatasubiri ukaguzi. Ataongeza 1,500 kwenye vocha ya usafiri, kwa kuwa nauli aghalabu haina risiti, na kasha litalingana vizuri kabisa. Siku ikizidi 2,000, ataiweka kwenye bahasha ya pembeni akingojea siku ya kupungua. Vitabu vitakuwa safi, na wewe umepoteza kipimo pekee ulichokuwa nacho. Kasha linalolipa watu wengi kwa sarafu na chenji na halipungui wala kuzidi hata mara moja kwa mwaka hunitia shaka kuliko lile linaloyumba kidogo.

Kwa hiyo naegemea upande wa kuandika, kwa sharti moja nitakalolieleza. Hundi ya kujaza ni tofauti kati ya masurufu na taslimu iliyohesabiwa: 200,000 toa 22,300, yaani 177,700. Ingizo la jonali linakuwa hivi:

Debiti Usafiri 68,000
Debiti Vifaa vya ofisi 54,500
Debiti Usafi 33,700
Debiti Posta 20,000
Debiti Upungufu na ziada ya fedha 1,500
Krediti Benki 177,700

Akaunti ya Fedha Ndogo haimo, na haipaswi kuwamo. Ilidebitiwa 200,000 siku masurufu yalipoanzishwa, na huguswa tena pale tu kiwango kinapopandishwa, kushushwa au kufutwa. Kosa ninalolikuta sana ni kuchora hundi ya jumla ya vocha, 176,200. Kasha linarudi na 198,500 huku leja ikisema 200,000. Lile pengo halijaondoka, limelala tu. Mwezi ujao linahesabiwa tena likiwa limechanganyika na jipya, na hakuna anayeweza kutenganisha.

Ukiamua keshia alipe, badili mstari mmoja tu: 1,500 idebitiwe Madai kwa mtumishi, si Upungufu na ziada. Hundi inabaki 177,700. Anapolipa, fedha inakwenda benki: debiti Benki, krediti Madai. Asiitumbukize kashani kimyakimya, maana hundi ikishajaza pengo hilo, kasha litazidi kwa kiasi kilekile.

Sharti langu ni kwamba uamuzi wa nani alipe ufuate sababu, usifuate kiasi. Fedha iliyotoka bila vocha, au ufunguo ulioachiwa mwingine, hilo ni la keshia hata likiwa dogo. Chenji iliyokosewa katika malipo mengi ni la ofisi. Karatasi ya “nitarudisha” iliyoandikwa na mkubwa fulani si la yeyote kati ya hao: si taslimu wala si gharama, ni deni la aliyeiandika, na linaingizwa Madai kwa jina lake, hata akinuna.

Akaunti ya Upungufu na ziada yenyewe isome mstari kwa mstari, usitazame salio pekee. Makosa ya kweli huenda huku na huku, leo pungufu, kesho ziada. Ikiwa mistari sita mfululizo yote iko upande wa debiti na viwango vinakaribiana, fanya hesabu ya kushtukiza katikati ya mwezi, kabla keshia hajaomba kujaziwa.