Wakala Anayekudai Hela Kwanza Si Wakala

Kundi letu la WhatsApp la ukoo linajua kuchangisha. Harusi, msiba, ada ya kidato cha tano, bati za nyumba ya bibi. Wiki iliyopita ukaingia mchango mpya: kijana wetu kaandika riwaya kwa Kiingereza, "wakala wa London" kaipenda mno, na kilichobaki ni dola 600 tu za "tathmini na usajili" ili mswada upelekwe kwa wachapishaji. Kabla sijamaliza kusoma, shangazi alishatuma elfu ishirini na vile vimikono vya kuombea dua. Nikajibu kwa herufi kubwa, kitu ambacho sijakifanya kundini humo tangu ugomvi wa kiwanja. Nikaambiwa nina wivu.

Basi wivu wangu nauhamishia huku.

Wakala wa waandishi, yule anayekutafutia mchapishaji na kukujadilia mkataba, hali kabla yako. Anachukua asilimia 15 ya kile mchapishaji anacholipa kwa kitabu kinachouzwa nchini kwake, na kwa kawaida asilimia 20 kikiuzwa Marekani au kikitafsiriwa, kwa sababu huko anagawana na wakala mwenzake. Kitabu kisipouzwa, anapata sifuri, hata kama amekihangaikia mwaka mzima. Chama cha mawakala wa Uingereza, Association of Authors' Agents, kinawakataza wanachama wake kutoza ada ya kusoma mswada, na chama cha wenzao wa Marekani ni vivyo hivyo. Nadhani tunanasa kirahisi kwa sababu tumezoeshwa na madalali wa nyumba wa Dar, wanaochukua hela ya kukuonyesha chumba, chumba chenyewe ukikute kina mtu. Tukisikia "ada ya kusoma" tunaona ndiyo utaratibu.

Nilimwomba kijana anitumie ile barua. Jina la wakala ni la kweli, mtu yupo, kampuni yake ipo na tovuti ipo. Anwani ya barua pepe ndiyo ilikuwa ya Gmail. Mtindo huu umeenea mpaka tovuti ya Writer Beware ina maonyo chungu nzima kuhusu matapeli wanaovaa majina ya mawakala halisi. Barua yenyewe inasifu "sauti yako ya kipekee" bila kutaja mhusika hata mmoja. Na ilikuja yenyewe, kijana hakuwa amemwandikia mtu. Nakiri, shingo upande, kwamba wakala wa kweli huweza kukutafuta akisoma hadithi yako jaridani au akiona jina lako kwenye orodha fupi ya tuzo. Kijana wetu hajachapisha popote. Huyo wa London kaisomea wapi riwaya, ndotoni? Mwarobaini wake ni dakika tano: ingia tovuti ya kampuni yenyewe, chukua anwani iliyoandikwa pale, uliza kama barua imetoka kwao.

Sasa binamu mmoja akaniuliza, kwa nia njema kabisa: kama hachukui hela, na kitabu umeandika wewe, asilimia 15 anaipata kwa kazi gani? Watu hudhani ni kujuana. Kujuana kupo, siwezi kukataa. Wachapishaji wakubwa wa London na New York kwa sehemu kubwa hawapokei riwaya iliyotumwa na mwandishi mwenyewe, na wakala anajua mhariri gani anatafuta nini mwaka huu. Pia atakurudishia mswada uukate na kuupanga upya kabla haujaonwa na mtu. Lakini kazi inayolipa ile asilimia iko kwenye mkataba, hasa pale panapotajwa haki za nchi na lugha.

Tufanye mfano, tarakimu nazitunga. Mchapishaji wa London anakupa pauni 12,000 za malipo ya awali, yaani anakutangulizia mrabaha, fungu lako la kila nakala itakayouzwa, naye anataka haki za dunia nzima, lugha zote. Huna wakala. Umesikia elfu kumi na mbili, umeshapiga magoti. Unasaini. Miezi sita baadaye mchapishaji huyo anaiuzia kampuni ya Marekani haki za huko kwa pauni 15,000. Mkataba unakupa asilimia 80 ya hiyo, yaani 12,000. Unafurahi? Usifurahi. Hela hiyo haiji kwako, inaingia kwenye daftari kufidia malipo ya awali uliyokwisha kupewa. Mfukoni bado una 12,000 zilezile.

Kitabu kilekile, sasa una wakala. Anagoma kutoa dunia. Anauza Uingereza na Jumuiya ya Madola peke yake kwa pauni 8,000, na wewe unanuna kwa sababu nane ni ndogo kuliko kumi na mbili. Kisha anaiuza Marekani mwenyewe kwa zile 15,000. Jumla 23,000. Anakata 1,200 kwa mauzo ya London na 3,000 kwa ya Marekani, unabaki na 18,800. Lugha nyingine zote bado ziko mkononi mwako, na kila mkataba unajilipa wenyewe bila kufidia mwingine. Kwa haki niseme pia upande wa pili: kwenye mfano wa kwanza deni lako limekwisha, kwa hiyo mrabaha ungeanza kuingia tangu nakala ya kwanza itakayouzwa. Na iwapo Marekani hakuna anayeitaka riwaya, yule wa 12,000 ndiye aliyecheka. Wakala mzuri ni yule anayepima hilo kabla ya kugoma.

Hapo kwenye "Jumuiya ya Madola" ndipo damu inanichemka. Mwisho wa mkataba wa London huwa kuna orodha ya nchi ambazo mchapishaji peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuuza. Isome. Kenya imo, Tanzania imo, Uganda imo. Ramani ya mkoloni, sasa imevaa tai. Maana yake mchapishaji wa Nairobi au Dar hawezi kutoa toleo la bei ya kwetu bila kununua leseni London. Kitabu chako kuhusu Tanga kitakuja Tanga kwa meli, kwa bei ya Uingereza na nauli juu. Tena mrabaha wa nakala za nje mara nyingi hukokotolewa kwa kile alichopokea mchapishaji baada ya punguzo, si kwa bei iliyoandikwa nyuma ya kitabu, kwa hiyo nakala anayonunua mama yako inakulipa kidogo kuliko ya Manchester.

Hilo si lazima liwe hivyo. Riwaya ya Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi ilitolewa kwanza na Kwani Trust ya Nairobi mwaka 2014, ikapata mchapishaji wa Marekani mwaka 2017 na wa Uingereza mwaka 2018. Eneo baada ya eneo. Wakala anayeijua kazi yake ataomba Afrika Mashariki iondolewe kwenye orodha ile, au angalau toleo la kwetu liruhusiwe, na tafsiri ya Kiswahili ibaki kwako. Mhariri wa London mara nyingi hana mpango wowote na Kiswahili. Anakishika kwa sababu hakuna aliyemwambia akiachie.

Anayeandika kwa Kiswahili, hayo hayakuhusu sana. Wachapishaji wa hapa unawaendea mwenyewe na mswada wako, na mrabaha mtagombana wenyewe.

Kumpata wakala, basi. Fungua riwaya zinazofanana na yako, za miaka ya karibuni, nenda ukurasa wa shukrani. Mwandishi karibu kila mara humtaja wakala wake. Hilo ni bora kuliko orodha yoyote, ingawa kitabu cha Writers' & Artists' Yearbook kinachotoka kila mwaka nacho kinasaidia. Kisha soma maelekezo kwenye tovuti ya kila kampuni na uyafuate kama dozi. London wengi wanataka barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa ukurasa mmoja wenye mwisho wa hadithi (ndiyo, usifiche muuaji), na sura tatu za mwanzo au maneno yasiyozidi 10,000. Marekani barua ndiyo kila kitu, pamoja na kurasa chache za kwanza. Riwaya iwe imekamilika. Kuna mtu aliniambia atamalizia "wakionyesha nia". Wakionyesha nia watataka mswada wote leo jioni, bwana.

Kwenye barua taja aina ya riwaya, idadi ya maneno, vitabu viwili vya karibuni ambavyo msomaji wake angesoma na chako, aya moja au mbili za kisa, na mistari michache juu yako. Usijilinganishe na mshindi wa Nobeli, hata kama mnatoka kisiwa kimoja.

Tuma kwa watu sita au saba, mmoja tu kila kampuni, halafu ngoja. Majibu huchukua wiki sita hadi miezi mitatu, na wengine kimya chao ndilo jibu. Ukitawanya barua kwa mawakala mia siku moja umechoma daraja zote kabla hujajua tatizo liko wapi. Kundi dogo linakusomea ugonjwa: wote wakikataa bila kuomba mswada kamili, rekebisha barua na kurasa za kwanza. Wakiomba mswada kamili kisha wakakataa, tatizo limo ndani ya riwaya, na barua yako iache ilivyo.

Mmoja akikubali, atataka mzungumze kwa simu. Usiseme ndiyo hapohapo. Ni kawaida kuomba wiki mbili ili uwaarifu wengine walio na mswada. Muulize ameuza riwaya gani karibuni na kwa nani, ana mpango gani na Afrika Mashariki, na mkivunja mkataba notisi ni ya muda gani. Siku 30 ni kawaida. Vitabu alivyouza ataendelea kuvilia asilimia yake hata mkiachana, hiyo ni haki yake.

Na hela zikija zitapitia kwake, kwa mafungu: kusaini, kukabidhi mswada, kutoka kwa jalada gumu, kutoka kwa jalada laini. Zile 8,000 zikigawanywa sawa ni 2,000 kila fungu, kwako 1,700, na kati ya fungu la kwanza na la mwisho inaweza kupita miaka miwili. Za Marekani zina kisu kingine: mwandishi anayeishi Tanzania au Kenya anakatwa kodi ya asilimia 30 hukohuko, maana nchi zetu hazina mkataba wa kodi na Marekani. Wakala wa kweli atakwambia hayo kwenye simu ya kwanza, na atakutumia fomu ujaze, bure. Shangazi amerudishiwa elfu ishirini yake. Kijana hanisemeshi.