Pedi haina kosa, iulize runinga

Mwezi wa saba Mbeya haucheki na mtu. Vijana wanaingia kwenye banda la gemu na makoti yao, mikono mifukoni, na mkono hautoki mpaka zamu ifike. Banda ninalolisema liko Mwanjelwa, hatua chache kutoka sokoni, na lina runinga nne. Tatu ni za zamani, inchi 32, moja ina mstari wa kijani pembeni. Ya nne ni mpya kabisa, inchi 50, picha yake kali mpaka unahesabu nyasi za uwanjani. Na hiyo mpya ndiyo iliyokuwa haina mchezaji. Watu walikaa foleni kusubiri yenye mstari wa kijani.

Mwenye banda aliniita kwa sababu natengeneza runinga. "Fundi, hawa vijana wanasema pedi za huku nzito, ukibonyeza zinachelewa. Nimebadilisha mbili, nimenunua nyingine mbili, bado nzito." Nikamuuliza kama amejaribu kuzihamisha. Hakuwa amejaribu. Tukachukua pedi "nzito" pamoja na PS4 yake, tukaichomeka kwenye ile inchi 32. Ikawa nyepesi kama kawaida. Kwa hiyo kesi ya pedi ikafia hapo.

Mimi nina ugomvi wa siku nyingi na namna runinga zinavyouzwa. Dukani zinawashwa kwa mpangilio ulioandikwa Vivid au Dynamic, rangi zinalia, kijani kinakuwa kijani kuliko mgomba wa Tukuyu, na mteja anabeba hivyohivyo mpaka nyumbani. Hakuna anayemwambia kwamba ile picha nzuri inapikwa ndani ya runinga kabla ya kupakuliwa, na upishi unachukua muda.

Mashine ya gemu inatoa picha 60 kwa sekunde, maana yake kila picha ina milisekunde 16 na ushee. Runinga ikiipokea inaanza kazi: inafuta chembechembe, inakoleza kingo, inapima sehemu za giza na mwanga. Lakini kinachokula muda zaidi ni kile cha kulainisha mwendo, ambacho menyu nyingine hukiita MEMC. Runinga inachora picha ya kubuni katikati ya picha mbili za kweli, na haiwezi kuichora kabla haijaiona ya pili. Kwa hiyo ya kwanza inawekwa pembeni kusubiri. Ni daladala ya pale Kabwe: wewe umeshapanda, nauli umeshika mkononi, lakini gari haliondoki mpaka lijae. Kwenye taarifa ya habari huoni shida, kwa sababu sauti nayo inacheleweshwa ilingane na picha. Kwenye gemu kidole chako hakiwezi kucheleweshwa. Umebonyeza pasi, mpinzani ameshafika.

Ile inchi 32 ilishinda kwa sababu haina akili hizo. Inapokea na kuonyesha.

Sikutaka ibaki maneno matupu, nikatoa simu. Simu yangu inarekodi slo-mosheni ya fremu 240 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ni milisekunde 4 na kidogo. Nilishika simu ili ione kidole juu ya kitufe na runinga kwa pamoja, kijana akawa anabonyeza shuti kwenye uwanja wa mazoezi, bila intaneti. Kisha nikarudisha video fremu moja moja, nikahesabu kuanzia kitufe kinapozama mpaka mguu wa mchezaji unapoanza kutikisika. Tulirudia mara kumi, kwa sababu mara moja inadanganya. Wastani ukatoka fremu 41, yaani milisekunde 171 hivi.

Tahadhari moja kwa atakayejaribu: kuna simu zinazodai 240 lakini zinarudufu fremu. Utazijua ukisogeza video taratibu, unaona picha mbili mbili zinazofanana kabisa. Kama yako iko hivyo, tumia 120 ya kweli, utapata jibu la kutosha.

Halafu nikaingia kwenye setingi kutafuta Game Mode, mpangilio unaozima upishi huo. Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana kila kampuni imeificha inapotaka. Kwenye LG unaikuta kati ya mipangilio ya picha, pale kwenye Picture Mode. Kwenye Samsung nyingi usihangaike na menyu ya picha, iko General, kisha External Device Manager, na kwenye mpya zaidi iko Connection. Runinga nyingine za bei ya chini hazina kabisa jina hilo, na hapo inabidi uzime kimoja kimoja: MEMC, DNR ile ya kufuta chembechembe, Dynamic Contrast. Tukaiwasha, tukarekodi tena mara kumi. Fremu 22. Milisekunde 92.

Tofauti ni fremu 19 za simu, karibu milisekunde 79, ambazo ni kama picha tano za gemu. Zile 92 zilizobaki si za runinga peke yake. Ndani yake kuna pedi, kuna mashine, na kuna gemu lenyewe ambalo lina uzito wake wa kuzaliwa nao. Ndiyo maana namba hii huwezi kuilinganisha na ile iliyoandikwa na mtu aliyepima runinga tupu kwa kifaa. Kinachohesabika kwetu ni tofauti kati ya kabla na baada, kwa pedi ileile na gemu lilelile.

Nikaondoka nimelipwa, najiona bingwa. Siku ya tatu simu ikaita. "Fundi, sasa wanasema picha imefifia."

Nilipofika nikakuta Vivid imerudi. Simlaumu. Game Mode ukiitazama mara ya kwanza baada ya Vivid inaonekana kama chai bila sukari. Lakini dawa yake si kurudi ulikotoka. Kuna vitu ukivipandisha ndani ya Game Mode havikuongezei uzito: mwanga wa nyuma, yaani Backlight, na ukoleo wa rangi. Mwanga wa nyuma ni taa tu. Nikaupandisha karibu na mwisho, maana banda lina mlango wazi na jua linaingia mchana, rangi nikaongeza kidogo, nikawaita waangalie. Wakakubali.

Isipokuwa mmoja. Akasema wachezaji wenye jezi nyeusi wanapotea. Nikadhani ananitania. Kumbe kweli: uwanja wa jioni, nusu ina kivuli cha jukwaa, na mchezaji mwenye jezi nyeusi akiingia kivulini anabaki soksi na uso. Namba mgongoni hamna, mikunjo ya nguo hamna, ni doa.

Hilo halikuwa la Game Mode. Nikaingia kwenye PS4, Settings, Sound and Screen, Video Output Settings, nikakuta RGB Range imewekwa Full. Nani kaweka? Kijana anayekaa mlangoni kukusanya hela. "Niliona Limited na Full, bosi, nikachukua Full. Nani anataka kitu nusu?"

Swali zuri, na ndilo linalowaponza watu wengi. Neno lenyewe linadanganya. Kuna desturi mbili za kuhesabu mwanga. Ya kompyuta inaanzia 0, ndiyo nyeusi, mpaka 255, ndiyo nyeupe. Ya runinga inaanzia 16 mpaka 235. Zote mbili zinaleta picha kamili, mradi anayetuma na anayepokea wanahesabu kwa namna moja. Mashine ikituma kwa 0 na runinga ikiamini kwamba nyeusi ni 16, basi kila kilicho chini ya 16 kinakuwa nyeusi tupu, na jezi yetu ilikuwa humo. Ikiwa kinyume, mashine inatuma Limited na runinga inasubiri Full, nyeusi inakuwa kijivu na picha nzima inakaa kama ukungu wa asubuhi pale Uyole. Ukiona doa, au ukiona ukungu, usikimbilie kuongeza Brightness, maana utaharibu kingine. Angalia kwanza kama pande mbili zinaelewana.

Tulirudisha Automatic, namba zikarudi migongoni. Ungeweza pia kuibadilisha runinga, kwenye LG inaitwa Black Level na kwenye Samsung ni HDMI Black Level, ikapokea Full, na matokeo yangekuwa yaleyale. Mimi nashikilia Automatic kwa banda la biashara. Siku mtu akichomeka king'amuzi kwenye tundu lile, sitaki kuitwa tena.

Kuna jambo la rangi ambalo kwa mpira halina maana, ila nalitaja kwa anayechomeka kompyuta. Runinga nyingi zikipokea picha zinapunguza taarifa za rangi, pikseli nne zinagawana rangi moja huku mwanga wa kila pikseli ukibaki wake. Mchezaji anayekimbia humuoni tofauti. Andika herufi nyembamba nyekundu juu ya bluu, utaona kingo zimechafuka kama wino kwenye karatasi ya maandazi. Kwenye LG na Samsung unabadilisha jina au alama ya tundu husika la HDMI iwe PC, na herufi zinanyooka. Inaonekana kama mzaha, kubadili jina tu, lakini hilo jina ndilo linaloiambia runinga isiguse rangi.

Ninachokataa ni watu kuipa Game Mode sifa isizo nazo. Ukicheza na mtu wa Dar kwa bando na mchezo unakwamakwama, hiyo ni njia ya mtandao, runinga haihusiki. Ingia mazoezini bila intaneti, ukiona pedi nyepesi huko, achana na rimoti.

Kilichobaki ni kwamba runinga nyingi zinakumbuka mpangilio kwa kila tundu peke yake. Tuliweka kwenye HDMI 2, mtu akihamishia HDMI 1 anarudi kwenye daladala ya Kabwe. PS4 haina uwezo wa kuiambia runinga ijigeuze yenyewe iingie Game Mode, PS5 inao kama na runinga inakubali amri hiyo, inayoitwa ALLM. Mwenye banda amebandika plasta juu ya HDMI 1, na rimoti anailaza kwenye droo ya hela.

Juzi nilipita nikakuta foleni imehamia kwenye inchi 50. Yenye mstari wa kijani amekaa mtoto wa shule, peke yake. Zile pedi mbili mpya zimerudi kwenye boksi, mwenye banda anaziuza, na kila nikipita ananiuliza kama nimepata mteja.