Kubebwa au kupangiwa: safari ya Mombasa kwa kiti cha magurudumu

"Tunamleta mama Mombasa kwa ndege kutoka Nairobi. Alipata kiharusi, hawezi kupanda ngazi. Vijana wa kumbeba hawakosekani. Kuna haja gani ya kusumbua shirika la ndege na hoteli kwa maswali?"

Wanaotegemea mikono ya watu wana hoja nzito. Mombasa ukisimama mbele ya ngazi na mgonjwa, hukai dakika tano kabla watu hawajakuja kukusaidia. Ngazi tatu za mgahawa zikikukabili mara moja tu, wanaume wawili wanaojua kushika huzimaliza haraka, na hakuna barua pepe iliyoandikwa. Mimi mwenyewe sioni ubaya wa kubebwa mahali pa aina hiyo, mradi mama amekubali na ameulizwa yeye, si watoto wake.

Kwenye ndege mambo hubadilika. Baadhi ya safari za Nairobi na Mombasa hufanywa na ndege za propela aina ya Dash 8-400, ambazo ngazi zake ni nyembamba na zimeshikana na mlango. Wabebaji hawawezi kusimama ubavuni mwa mama, kwa hiyo mmoja humshika kwa nyuma chini ya makwapa na mwingine magotini. Kwa mtu wa kiharusi, bega la upande uliolegea halina misuli yenye nguvu ya kulizuia. Mkono ule ukivutwa, bega linaweza kuteguka na maumivu yakakaa miezi. Wasamaria wema hawalijui hilo, kwa sababu wao huona mguu usiotembea tu.

Ndiyo maana simu kwa shirika, angalau saa 48 kabla, ina thamani. Kusema tu "tunahitaji kiti" hakutoshi. Msafiri huandikwa kwa alama: WCHR ni anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS hawezi ngazi ila hujikongoja hadi kwenye kiti chake ndani ya ndege, WCHC husaidiwa mpaka akae. Ukiandikiwa WCHR kimakosa, utasukumwa vizuri hadi chini ya ngazi, na hapo ndipo msaada utakapoishia. Uliza umeandikiwa alama gani, kisha uliza atapandishwa kwa kutumia nini: gari lenye jukwaa la kuinua, kiti chembamba cha ngazi, au mikono. Jibu likiwa mikono, waeleze mapema upande uliolegea.

Ukishatua, gari si tatizo kubwa. Probox humfaa kuliko tuktuk: kiti chake cha mbele hakipishani sana kimo na kiti cha magurudumu, na nyuma kuna nafasi ya kukilaza. Kama mnakwenda Diani, mwombe dereva apite Dongo Kundu, barabara isiyohitaji kivuko. Kivuko cha Likoni kinapitika mkiwa ndani ya gari, lakini kwa kusukuma kiti mteremko wake huwa mkali zaidi maji yanapotoka.

Hoteli ndipo hoja ya mikono inaposhindwa kabisa. Ngazi za ndege ni mara mbili kwa safari. Choo ni mara sita au saba kwa siku, usiku ikiwemo, na hakuna mama anayetaka kuwaita vijana wa mapokezi kwa kazi hiyo. Hoteli nyingi zikiulizwa hujibu kwamba kipo chumba cha chini. Chumba cha chini chaweza kuwa na kizingiti mlangoni, njia ya mchanga kukifikia na kitanda cha juu kinachohitaji kijukwaa cha kupandia.

Chukua mfano wa kiti chenye upana wa sentimita 66. Mlango wa bafu ukiwa na sentimita 70 kwenye fremu, ubao wa mlango uliofunguliwa hula tatu au nne, na kiti hubanwa au hakipiti kabisa. Taka 80 zilizo wazi. Ndani, ili kiti kigeuke, panahitajika kama mita moja na nusu. Choo kikiwa na kimo cha sentimita 45 hadi 48, ni rahisi zaidi mama kuhamia bila kunyanyuliwa, bora kuwe na cha kushikia upande wenye nguvu.

Wakisema wana ubao wa kupandishia kiti, uliza urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45; kipimo cha kawaida ni kimo cha moja kwa urefu wa kumi na mbili, yaani mita 5.4. Ubao wa mita moja na nusu hapo ni hatari hata kwa msukumaji mwenye nguvu.

Waombe wapige picha ya mlango wa bafu ukiwa wazi na futi imenyooshwa, na nyingine ya choo kutoka mlangoni. Ni kazi ya dakika tano kwa mfanyakazi wa vyumba. Ukitumiwa picha ya kitanda na bahari tu, hujajibiwa, usilipe amana.